Mavuno ya Mwaka Huu na Hasara ya Mwaka Jana: Jinsi Kodi ya Mapato Inavyomhesabu Mkulima

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya kodi kwa wakulima wa Osiri na maeneo jirani ya Migori na Homa Bay. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Kabla ya hesabu yoyote, jambo moja liwekwe wazi. Kodi ya mapato haitozwi na serikali ya kaunti. Katiba, katika kifungu cha 209, imeiachia serikali ya kitaifa kodi hiyo, na inayoikusanya ni Mamlaka ya Mapato, yaani KRA. Kaunti hutoza vitu vingine, ukiwemo ushuru wa mazao yanapopita barabarani au sokoni. Hata hivyo mkulima ni mmoja na mfuko wake ni mmoja. Mkazi anayelipa ushuru wa mazao na kuitupa risiti hajui kwamba karatasi hiyo ingempunguzia kodi ya mapato. Ndiyo maana jambo hili limeletwa mbele ya wakazi.

Swali la leo ni hili: mkulima ambaye mwaka mmoja anavuna na mwaka mwingine anakosa, kodi yake huhesabiwaje?

Mwaka wa kodi haujui msimu

Mwalimu au karani hupata mshahara unaofanana kila mwezi. Mkulima wa miwa hungoja miezi kumi na minane hivi tangu kupanda hadi kukata, na baada ya hapo hungoja miezi kumi na minne hadi kumi na sita ili miwa iliyochipua tena ikomae. Sheria ya Kodi ya Mapato haifuati kalenda ya miwa. Kwa mtu binafsi, mwaka wa kodi huanza Januari mosi na kuisha Desemba 31. Kila mwaka huhesabiwa peke yake, na ritani hupelekwa kupitia iTax kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Faida ya mwaka hukatwa vipande. Tangu Julai 2023 viwango kwa mtu binafsi ni hivi: shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Zinazozidi hapo, hadi milioni sita, hutozwa asilimia 30. Kuna vipande viwili zaidi kwa wenye mapato makubwa sana, lakini havigusi wengi waliopo hapa.

Kisha kila mkazi mwenye PIN hupewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Nafuu hiyo hutolewa kwenye kodi yenyewe, haitolewi kwenye faida. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 kamili. Kwa hiyo mkulima ambaye faida yake kwa mwaka haikuzidi 288,000 halipi chochote, ila ritani bado inatakiwa.

Shida inaanzia hapo. Nafuu ya mwaka uliokosa mavuno haihifadhiwi. Mkulima asipoitumia mwaka huo, imepotea. Mwaka wa mavuno ukifika, fedha zote huingia kwa pamoja, zinapanda hadi kwenye kipande cha asilimia 30, na nafuu inayotumika ni moja tu.

Kinachotozwa ni faida

Kanuni kuu ya sheria ni fupi. Gharama iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Kwa mkulima hizo ni mbegu, mbolea, dawa za wadudu na magugu, kulima kwa trekta au kwa ng'ombe, vibarua wa kupanda na kupalilia, kukata na kusafirisha, kodi ya shamba lililokodiwa, riba ya mkopo uliotumika shambani, na ushuru wa mazao wa kaunti. Sheria inakubali pia gharama za kuzuia mmomonyoko wa udongo, na gharama za kusafisha shamba na kupanda mimea inayodumu miaka kadhaa. Vitu vikubwa vinavyokaa, kama mashine, hutolewa sehemu kwa sehemu kwa utaratibu wake.

Visivyotolewa pia vijulikane. Bei ya kununulia ardhi haitolewi. Chakula cha nyumbani na karo za watoto hazitolewi. Jasho la mkulima mwenyewe halitolewi, hata kama amepalilia kuanzia alfajiri, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka.

Mbolea ya ruzuku ina swali lake. Mfuko wa kilo 50 umekuwa ukiuzwa kwa shilingi 2,500 kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, wakati dukani ungegharimu zaidi ya hapo. Kinachotolewa ni 2,500 alizolipa mkulima. Bei ya dukani haiingii kwenye hesabu, kwa kuwa tofauti ile ililipwa na serikali.

Kosa linaloonekana mara nyingi liko kwenye karatasi ya malipo ya kiwanda. Mkulima anayepeleka miwa Awendo au Ndhiwa huenda alikopeshwa mbegu, mbolea au kulimiwa, na kiwanda kikakata deni hilo pamoja na usafirishaji kabla ya kutuma fedha benki. Tuseme miwa ilikuwa ya 1,500,000 na benki ikapokea 900,000. Mkulima anaandika 900,000 kuwa mauzo, kisha anatoa tena mbolea na usafirishaji. Gharama zimetolewa mara mbili. Vitabu vya kiwanda vinaonyesha 1,500,000, ritani inaonyesha 900,000, na barua ya kuuliza inafika. Njia sahihi ni kuandika mauzo yote kama yalivyo juu ya karatasi, halafu kuandika kila makato kama gharama, mara moja.

Tangu Januari 1, 2024 kuna sharti jingine: gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi. Mkulima akinunua mbegu kwa agroveti, aombe ankara ya eTIMS yenye PIN yake. Daftari la muuzaji lenye muhuri halitoshi tena. Malipo ya vibarua hayako chini ya sharti hilo, lakini yanahitaji orodha: jina, kazi, siku na kiasi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa inapowezekana. Na kwa jirani mwenye ng'ombe wa kulimia ambaye hana eTIMS, sheria iliyoanza mwisho wa Desemba 2024 inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni tano kwa mwaka. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano.

Mfano wa ekari kumi

Tuchukue mkulima wa mfano mwenye ekari 10 za miwa. Bei na gharama zimefanywa kuwa namba rahisi ili hesabu ifuatike. Mapato yake mengine yote yamewekwa kando.

Mwaka wa kwanza anapanda. Kulima, mbegu ya miwa, mbolea, kupanda na palizi vinamgharimu shilingi 50,000 kwa ekari, jumla 500,000. Hakuna alichouza. Hasara yake ni 500,000.

Mwaka wa pili anakata tani 300. Kwa shilingi 5,000 kwa tani, mauzo ni 1,500,000. Kukata na kusafirisha ni 1,500 kwa tani, jumla 450,000. Mbolea na palizi ya miwa inayochipua tena ni 150,000. Gharama za mwaka ni 600,000 na faida ni 900,000.

Sasa tuwaone wakulima wawili wenye mashamba yanayofanana kabisa.

Wa kwanza alipeleka ritani ya mwaka wa kwanza na kuonyesha hasara ya 500,000. Sheria inamruhusu kuihamisha mbele na kuitoa kwenye faida ya kilimo ya miaka inayofuata. Mwaka wa pili anatozwa kwa 900,000 kutoa 500,000, yaani 400,000. Kodi yake ni 28,800 kwa kipande cha kwanza, 25,000 kwa cha pili, na asilimia 30 ya 12,000 zilizobaki, yaani 3,600. Jumla ni 57,400. Akitoa nafuu ya 28,800, analipa 28,600.

Wa pili alisema, "Sikuuza kitu, ritani ya nini?" Hakupeleka. Mwaka wa pili hana hasara iliyoandikwa mahali popote, kwa hiyo anatozwa kwa 900,000 nzima. Vipande viwili vya kwanza ni 53,800. Zinazobaki ni 512,000, na asilimia 30 yake ni 153,600. Jumla ni 207,400, na baada ya nafuu analipa 178,600.

Tofauti kati yao ni shilingi 150,000. Kwa gharama za mfano huu, fedha hizo zingelima na kupanda ekari tatu. Mvua ilikuwa ile ile, mbolea ile ile na kiwanda kile kile. Kilichowatenganisha ni ritani ya mwaka usio na mavuno. Juu ya hayo, anayechelewa kupeleka ritani hutozwa faini ya angalau shilingi 2,000.

Kuhamisha hasara kuna mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni muda. Kati ya 2021 na katikati ya 2025 hasara iliweza kuhamishwa bila kikomo cha miaka. Sheria ya Fedha ya 2025 imeweka kikomo cha miaka mitano baada ya mwaka wa hasara. Mpaka wa pili ni kwamba hasara ya kilimo hutolewa kwenye faida ya kilimo tu. Mwalimu ambaye shamba lake limekauka hawezi kuitoa kwenye mshahara wake. Mkazi wa Osiri mwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu hawezi kuchukua hasara ya mahindi akapunguza kodi ya kinu. Hasara inalingoja shamba lenyewe lirudi kwenye faida.

Pengo ambalo hasara haizibi

Mkulima wa kwanza alifanya kila kitu sawa, lakini hesabu yake ikitazamwa kwa miaka miwili pamoja, kuna neno. Mwaka mmoja alipata hasara ya 500,000 na mwingine faida ya 900,000. Faida ya kweli kwa miaka miwili ni 400,000, sawa na wastani wa 200,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara aliyepata 200,000 mwaka wa kwanza na 200,000 mwaka wa pili halipi kodi hata shilingi moja, kwa sababu kila mwaka yuko chini ya 288,000. Mkulima huyu, mwenye jumla ile ile, analipa 28,600, kwa kuwa nafuu yake ya mwaka wa kwanza ilipotea.

Pengo huwa kubwa zaidi pale ambapo hakuna hasara ya kuhamisha. Tuchukue mkulima mwenye vipande viwili vya miwa, kila kimoja kikimpa faida ya 362,500. Alipanga kimoja kikatwe Novemba na kingine Novemba ya mwaka unaofuata. Zamu ya kukata kipande cha kwanza ikachelewa, miwa ikakatwa Januari. Sasa vipande vyote viwili vimeangukia mwaka mmoja wa kodi, na mwaka uliotangulia umebaki na sifuri.

Kama kila mwaka ungekuwa na 362,500, kodi ingekuwa 18,625 kwa mwaka baada ya nafuu, jumla 37,250 kwa miaka miwili. Kwa kuwa 725,000 zimeingia mwaka mmoja, kodi ni 126,100. Ameongezewa shilingi 88,850 na lori lililochelewa majuma machache. Hakuna hasara ya kuhamisha, na hakuna kifungu cha kumsaidia.

Nchi kadhaa zimeliziba pengo hili kwa njia ya wastani. Uingereza ilianza mwaka 1978 kuwaruhusu wakulima kuunganisha faida ya miaka miwili na kuigawa sawa, na tangu mwaka wa kodi wa 2016/17 wanaweza kuchagua miaka mitano. Australia hutumia wastani wa hadi miaka mitano kuamua kiwango cha kumtoza mkulima. Marekani humruhusu mkulima kuigawa sehemu ya mapato ya mwaka mzuri kwenye miaka mitatu iliyopita na kuitoza kwa viwango vya miaka hiyo.

Kenya haina utaratibu huo kwa wakulima. Inafaa kuona pia unadai nini. Wastani unatokana na ritani za miaka ya nyuma. Mkulima ambaye hakupeleka ritani mwaka wa ukame hana mwaka mbaya wa kuonyesha, na bila mwaka mbaya wastani wake ni mkubwa kama mavuno yake. Tena wastani una uchungu wake. Mwaka mzuri ukifuatwa na mbaya, mkulima anaweza kudaiwa kodi katika mwaka ambao hana fedha mkononi, kwa sababu sehemu ya faida ya jana imesogezwa leo. Unamfaa aliyeweka akiba.

Njia nyingine ambayo serikali hupenda ni kukata kidogo kutoka kwenye malipo ya mazao kabla hayajamfikia mkulima. Kenya iliwahi kuwa na kodi ya kukadiria ya aina hiyo kwa mazao yaliyouzwa kupitia mashirika ya ununuzi. Mkakati wa mapato wa Hazina ya Kitaifa wa 2024/25 hadi 2026/27 umerudisha wazo hilo, kwa kiwango kisichozidi asilimia 5 ya thamani ya mazao yanayopelekwa kwa vyama vya ushirika na vikundi. Makato ya namna hii ni rahisi kukusanya, lakini hayaulizi mbegu iligharimu kiasi gani, wala kama mwaka jana shamba lilizama kwenye mafuriko.

Kodi ya mauzo: asilimia tatu bila kuuliza gharama

Njia inayofanana na hiyo tayari ipo. Mkazi ambaye mauzo ya biashara yake kwa mwaka yamezidi milioni moja lakini hayakuzidi milioni 25 huwekwa kwenye kodi ya mauzo, iitwayo TOT kwenye iTax. Kiwango chake tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mbegu haitolewi, mbolea haitolewi, hasara ya nyuma haitolewi. Asiyeitaka anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba amechagua kutozwa kwa faida.

Ni ipi iliyo nafuu? Inategemea mwaka. Turudi kwa mkulima wetu wa ekari 10. Mwaka wa pili aliuza 1,500,000, na asilimia 3 yake ni 45,000. Kwa njia ya faida, akiwa na hasara yake mkononi, alidaiwa 28,600. Njia ya faida inamfaa.

Mwaka wa tatu miwa iliyochipua inatoa tani 250. Mauzo ni 1,250,000, kukata na kusafirisha ni 375,000, mbolea na palizi ni 150,000. Faida ni 725,000, na hana hasara iliyobaki. Kwa njia ya faida kodi ni 126,100. Kwa kodi ya mauzo ni 37,500. Mwaka huu mizani imegeuka.

Kwa mauzo ya 1,250,000, njia mbili hizi hukutana faida inapokuwa karibu 430,000. Faida ikiwa chini ya hapo, kodi ya faida ni ndogo. Ikizidi, kodi ya mauzo ni ndogo. Kwa hiyo mwaka wa kupanda upya, mwaka wa ukame na mwaka wa gharama kubwa ndiyo inayomuumiza mkulima aliye kwenye kodi ya mauzo. Anaweza kuwa amepata hasara halisi na bado adaiwe asilimia 3 ya alichouza. Uamuzi usifanywe kwa kuangalia mwaka mmoja. Ufanywe kwa kuandika mzunguko mzima wa miwa, tangu kupanda hadi kung'oa, na kulinganisha jumla ya njia mbili. Aliye chini ya milioni moja haingii kwenye kodi ya mauzo. Yeye hubaki kwenye hesabu ya faida.

Kulipa kwa awamu

Kuna mahali pamoja ambapo sheria imekumbuka msimu. Wafanyabiashara wengine hulipa kodi ya mwaka unaoendelea kwa awamu nne. Mkulima hulipa mbili: asilimia 75 kufikia Septemba 20 na asilimia 25 kufikia Desemba 20. Salio hulipwa kufikia Aprili 30. Ambaye kodi yake haizidi 40,000 hana awamu za kulipa.

Kiasi cha awamu kinaweza kukadiriwa kwa namna mbili. Moja ni asilimia 110 ya kodi ya mwaka uliopita. Nyingine ni makadirio ya mkulima kuhusu mwaka huu. Sheria inadai ile iliyo ndogo. Mkulima aliyelipa 126,100 kwa njia ya faida mwaka jana angedaiwa 138,710 kwa namba ya kwanza. Lakini kama Agosti shamba lake limeungua na anajua hatavuna, atumie makadirio ya mwaka huu na kuweka ushahidi: picha, taarifa ya chifu na barua ya kiwanda. Wengi hulipa kwa namba ya mwaka jana kwa sababu ndiyo wanayoijua, kisha wanakaa miezi wakidai fedha zirudishwe.

La kufanya kabla ya Juni 30

Kwa aliyevuna, kazi ni kuandika mauzo yote, kutoa kila gharama yenye ankara, na kulinganisha njia mbili za kodi. Kwa ambaye hakuvuna, kazi ni kubwa zaidi ingawa inaonekana ndogo: apeleke ritani, aandike gharama zake na kuiacha hasara ionekane kwenye sehemu ya kilimo. Ahifadhi risiti ya kukiri ritani. Miaka mitano inahesabiwa, na mwaka ambao haukuandikwa hauwezi kurudishwa kwa maneno.

Kuhusu wastani wa miaka, bunge la kaunti haliwezi kuutunga. Ni Bunge la Kitaifa, kupitia Mswada wa Fedha, ambao kila mwaka hufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili na maoni ya wananchi hupokelewa kabla haujapitishwa. Vikundi vya wakulima vikitaka kusema neno hapo, hesabu ya vipande viwili vya miwa inatosha kuwa hoja: faida moja, shamba moja, lori lililochelewa, na shilingi 88,850 zaidi. Ritani za miaka mitatu au minne za wanachama wenyewe, zikiwa zimepelekwa kwa wakati, zitaonyesha kwamba mfano huo una watu.